Puli inasoma kilo 2.26 kwenye mchoro, kwenye mizani ya fundi ni 3.7: nani mkweli?

*Shikamoo mwalimu. Niko Kizota hapa Dodoma, nimechora kwenye kompyuta puli ya alumini ya mashine ya kukamulia alizeti, kipenyo 220, njia mbili za belti aina ya B, shafti 30. Programu inaniambia kilo 2.26. Fundi wa kuyeyusha kanipimia ikatoka 3.7 na anachaji kwa kilo. Ananipiga au mimi ndo sijui kupiga hesabu?*

Marahaba mdogo wangu. Fundi hajakupiga, na kompyuta yako nayo haijadanganya, ila mnapima vitu viwili tofauti. Wewe umepima puli iliyoisha kukerezwa, yeye kapima puli ghafi, ile iliyotoka kwenye mchanga, na kati ya hizo mbili kuna nyama nyingi kuliko watu wanavyodhania, hasa kwenye puli. Vipimo vyote hujaandika kwaiyo vingine nimejazia mwenyewe kwa puli ya kawaida ya saizi hiyo, utavibadilisha kama vyako ni tofauti, ila njia ni ileile.

Kwanza tukubaliane vizio maana hapo ndo wengi wanapotea. Nitatumia cc, hizi hizi za injini ya pikipiki, cc moja ni sentimita moja ya ujazo, na ndani yake kuna milimita za ujazo 1,000. Maji cc moja ni gramu moja. Alumini cc moja ni kama gramu 2.7. Kwaiyo ujazo kwa cc ukizidisha na 2.7 unapata gramu, basi. Shika na hii ya kujikagua kichwani, lita moja ya alumini ni kilo 2.7, ukipata jibu ambalo haliendani na hapo ujue kuna sifuri imeruka mahali.

Sasa puli yako iliyoisha. Usiichukue kama kitu kimoja, ivunje vipande vitatu, ukingo wa nje unaobeba belti, sahani ya katikati, na kitovu kinachokaa kwenye shafti. Ukingo wa njia mbili za B una upana wa mm 44, maana njia na njia zinaachana mm 19 katikati kwa katikati na kila pembeni unaacha 12.5. Kipenyo cha nje 220, cha ndani nimechukua 168. Ukipiga pai mara (110 mara 110 toa 84 mara 84) mara 44 unapata cc 697, hapo ukingo bado ni mzima hauna njia za belti.

Njia ya belti inatolewaje? Hapa kuna njia rahisi ambayo haihitaji kompyuta. Chukua eneo la umbo la njia ukilitazama kwa kulikata, alafu zidisha na mzunguko wa duara linalopita katikati ya uzito wa lile umbo. Juu njia ina upana wa 16.4, chini 4.4, kina 17.5, eneo lake ni kama mm za mraba 182. Kwa vile juu ni pana kuliko chini, katikati yake ipo kama mm 7 tu kutoka juu, yaani kwenye nusu kipenyo ya 103, na mzunguko wa hapo ni mm 647. Zidisha 647 na 182, njia moja inatoa karibu cc 117 na nusu. Njia mbili, cc 235. Ikumbuke hiyo namba, tutairudia. Ukingo uliokerezwa unabaki na cc 462.

Sahani ya kati ya unene wa mm 12, kuanzia kitovu mpaka ukingo, ni cc 227. Kitovu cha kipenyo 64 na urefu 55, ukitoa tundu la 30 na mfereji wa kii, ni cc 137. Kona za mviringo za nusu kipenyo 6 pale sahani inapokutana na ukingo na kitovu, zote nne, cc 11. Jumla 837. Zidisha na 2.70 unapata gramu 2,260, ndo hiyo kilo 2.26 yako. Kwaiyo inaelekea mchoro wako hauko mbali na huu, na programu umeiwekea alumini tupu ya 2.70.

Hapo kwenye programu nisimame kidogo. Usiamini namba ya uzito inayokuja yenyewe kabla hujajua imetumia madini gani. Programu nyingine usipochagua madini zinahesabu kama chuma, nyingine kama maji, na namba inatoka imenyooka kabisa na nukta zake, mtu anaichukua. Mimi nachukua ujazo tu alafu densiti naweka kwa mkono wangu. Kama unatumia FreeCAD, yenyewe ndani inahesabu kwa milimita, fungua sehemu ya Python uandike hivi:

```
App.ActiveDocument.getObject("Body").Shape.Volume * 2.72e-6
```

Inakupa kilo moja kwa moja. Hiyo 2.72 ndo densiti, e-6 inageuza milimita za ujazo na gramu kuja kilo. Ukitaka ujazo peke yake toa hiyo sehemu ya kuzidisha.

Kwa nini 2.72 na sio 2.70? Kwa sababu fundi hayeyushi alumini tupu. Silikoni ni nyepesi kuliko alumini, ina 2.33, inashusha. Shaba ni 8.96, zinki 7.13, chuma 7.87, hizi zinapandisha hata zikiwa kidogo. Rimu za magari nyingi ni A356, hiyo ni kama 2.68. Kava za injini za pikipiki na maboksi ya gia mara nyingi ni jamii ya ADC12 ambayo ina shaba ndani, zinacheza kati ya 2.70 na 2.75. Fundi akichanganya skrepa za aina hizo, 2.72 ni namba ya kuanzia ambayo haitakutupa mbali. Ukiwa unajua mchanganyiko kwa asilimia za uzito, usichukue wastani wa densiti zenyewe, gawanya kila asilimia kwa densiti yake, jumlisha, alafu 100 ugawanye kwa hiyo jumla. Mfano alumini 86, silikoni 10, shaba 3, zinki 1, inatoka 2.73.

Ila nikwambie ukweli, ugomvi wa densiti ni mdogo sana. Hata ukikosea kutoka 2.68 mpaka 2.75, kwenye puli yako ghafi hiyo ni gramu 95. Tofauti yenu nyie ni karibu kilo moja na nusu. Densiti haiwezi kuleta hiyo, lazima ni ujazo, kwaiyo twende kwenye ujazo wa kitu kilichotoka kwenye mchanga.

Jambo la kwanza na kubwa kuliko yote: zile njia za belti hazipo kwenye puli ghafi. Fikiria namna pateni, yaani umbo la puli la mbao linaloacha nafasi yake kwenye mchanga, inavyotolewa. Inalala chali, nusu kwenye kasha la chini nusu la juu, inavutwa kwenda juu. Kitu chochote kilichoingia ndani pembeni kama njia ya belti kitabeba mchanga na kubomoa kalibu wakati wa kuvuta. Ili njia zitoke na subu, yaani na kitu kilichomwagwa chenyewe, inabidi utengeneze pete ya mchanga mgumu uipange kuzunguka, na kwa puli moja au mbili hakuna fundi atafanya hivyo, gharama ya kutengeneza hiyo pete ni kubwa kuliko alumini yenyewe. Kwaiyo ukingo unamwagwa mzima, alafu mkerezaji ndo anachimba njia. Ile cc 235 yote imo kwenye mizani ya fundi, ukizidisha na 2.72 ni gramu 640. Watu wakisikia nyama ya kukereza wanafikiria mm 2 au 3 za juu juu, wanasahau kwamba kila umbo ambalo pateni haiwezi kulitoa nalo ni nyama ya kukereza, tena ndo nzito kuliko zote.

La pili ni tundu la shafti. Mafundi wengi kwa kazi ya moja moja wanamwaga kitovu kizima bila tundu, mkerezaji atatoboa. Tundu lako la 30 pamoja na mfereji wa kii ni cc 40, gramu 110. Hapa una uwezo wa kuomba, fundi akiweka kiini cha mchanga cha mm 22 inapungua kama gramu 60, na faida kubwa zaidi ni kwamba kitovu kinapoa vizuri. Kitovu kizima ni tonge nene linalopoa mwisho kabisa, na katikati yake ndo panabaki mashimo ya kusinyaa. Kwa bahati katikati ndo unapotoboa, lakini yakiwa makubwa kuliko 30 utayaona kwenye ukuta wa tundu.

La tatu ndo nyama yenyewe ya kukereza, ile ya juu juu. Kwa subu ya mchanga ya ukubwa huu mimi naweka mm 3 kila uso unaokerezwa. Sio kila uso, angalia hapo. Sahani ya kati haikerezwi, ukingo kwa ndani haukerezwi, kitovu kwa nje hakikerezwi, hizo zinabaki zilivyotoka. Zinazokerezwa ni uso wa nje wa ukingo, pembe mbili za ukingo na pembe mbili za kitovu. Kwaiyo ukingo ghafi unakuwa wa kipenyo 226 na sio 223, maana mm 3 zinaingia pande zote mbili, hili kosa naliona sana kwa vijana wanaochora, anaongeza 3 kwenye kipenyo anadhani ameweka nyama ya 3 kumbe kaweka 1.5. Upana unakuwa 50, urefu wa kitovu 61.

Ukipiga tena, ukingo ghafi pai mara (113 mara 113 toa 84 mara 84) mara 50 ni cc 897. Ulikuwa 697 bila njia, kwaiyo mm 3 tu zimeongeza cc 200 pale ukingoni. Sababu ni kwamba ukingo uko mbali na katikati, eneo lake ni kubwa, kila milimita ya huko nje inagharimu. Kitovu kizima ghafi ni cc 196.

La nne, mteremko wa kutolea pateni. Kuta zilizosimama pateni haziwezi kuwa wima kabisa, zinalazwa kidogo, nyuzi 2 hivi, ili pateni ichomoke bila kuvuta mchanga. Kwenye ukuta wa urefu wa mm 25 nyuzi 2 ni karibu mm 0.9 kwenye mwisho mnene, kwa wastani ni nusu ya hapo. Inaonekana kidogo, lakini ukiizungusha puli yote, nje ya ukingo inaongeza cc 15 na kitu, ndani ya ukingo karibu 7, kitovu 4. Jumla cc 26, gramu 70. Ile ya nje itakerezwa, lakini ya ndani na ya kitovu, kama cc 11, inabaki kwenye puli milele. Ndo maana hata puli ikishaisha usitegemee 2.26 wala 2.28, itakuwa kama 2.31.

Jumlisha sasa. Ukingo 897, sahani 227, kitovu 196, mteremko 26, kona 11. Unapata cc 1,357. Mara 2.72 ni kilo 3.69. Fundi kapata 3.7. Umeona?

Na huu ndo utaratibu ninaokushauri kwenye kompyuta: chora miili miwili. Mmoja wa puli iliyoisha, mwingine wa puli ghafi, wenye nyama, wenye mteremko, bila njia za belti na bila tundu. Kwenye FreeCAD wa pili utakuwa "Body001", unaita ujazo wake kwa mstari uleule. Uzito wa kumlipa fundi unatoka kwenye wa pili, uzito utakaokaa kwenye shafti unatoka kwenye wa kwanza, na tofauti ya hizo mbili ni chenga. Usijaribu kufupisha kwa kusema "naongeza asilimia 10 ya kukereza", kwa puli yako ongezeko ni asilimia 60 na kitu, kwa kava bapa ambayo inakerezwa uso mmoja inaweza isifike 15. Hakuna asilimia moja ya kutembea nayo.

Kuna mtego mmoja kwenye mchoro ghafi. Alumini ikipoa inasinyaa, kwaiyo pateni inatengenezwa kubwa kidogo, kwa mchanga wengi wanatumia asilimia 1.3, yaani mm 13 kwa kila mita. Ukichora pateni utakuza mchoro kwa 1.013. Usipimie uzito hapo. Asilimia 1.3 ya urefu inaingia mara tatu, urefu, upana na kimo, ujazo unakua karibu asilimia 4. Kwenye puli yako hiyo ni cc 54, gramu 146 ambazo hazipo. Densiti ya 2.72 ni ya alumini iliyopoa, kwaiyo inazidishwa na vipimo vya kitu kilichopoa. Hifadhi mchoro ghafi wa saizi halisi, alafu tengeneza nakala nyingine iliyokuzwa kwa ajili ya seremala wa pateni.

Sasa kwa vile unalipa kwa kilo, utataka kujua mizani ikitofautiana na hesabu uanze kutafuta wapi. Nimekupigia: kila milimita moja ya nyama kwenye hizo nyuso tano ni cc 78, gramu 212. Milimita moja ya unene wa sahani ni gramu 52. Kwaiyo subu ikitoka kilo 3.9 badala ya 3.69, kabla hujasema neno chukua vernia upime kipenyo cha nje na upana wa ukingo. Utakuta 228 na 52, maana yake nyama ilikuwa 4 na sio 3, gramu 200 zako ziko hapo. Mara nyingi subu ya mchanga inatoka nzito kidogo kuliko hesabu, fundi anaigongagonga pateni ili iachie na shimo linapanuka, au mchanga haujashindiliwa vizuri unasukumwa na uzito wa alumini. Angalia pia kama vishina vya njia za kumwagia vimekatwa mpaka mwisho, vikibaki vya sentimita mbili tatu unalipia. Makubaliano yawe uzito baada ya kukata, uyaseme mapema.

Usimbane fundi apunguze nyama ifike mm 1 ili uokoe hela. Uso wa juu wa subu ndo taka na mchanga ulioponyoka vinapopandia, tena ningekuwa mimi ningeweka 4 upande wa juu na 3 chini. Na makasha yakihama kidogo, nusu ya juu ya puli inakaa pembeni ya nusu ya chini kwa mm 1 au zaidi, mkerezaji akizungusha anakuta upande mmoja nyama haitoshi. Puli nzima inarudi kwenye chungu. Gramu 200 ni bei ndogo.

Ikitoka nyepesi je? Tuseme 3.5. Pima vernia vilevile, kama vipimo viko sawa na uzito umepungua asilimia 5, basi kuna hewa ndani. Alumini iliyoyeyuka inanyonya haidrojeni kutoka kwenye unyevu, skrepa iliyolowa mvua, mchanga wenye maji mengi, mafuta ya injini ambayo hayakuchomwa. Ikiganda haidrojeni inatoka inaacha vitundu. Hapa kwetu kiangazi inatusaidia, kazi ya Januari na Februari mvua zikiwa zinanyesha ndo ya kuangalia, skrepa ikaushwe kwa moto wa pembeni kabla haijaingia kwenye chungu.

Na kuna kipimo unaweza kufanya hapo hapo kwenye karakana bila mashine yoyote. Omba kipande cha njia ya kumwagia kilichokatwa, kisugue mchanga wote utoke. Weka kwenye mizani ya kidijitali ya dukani, tuseme gramu 412. Alafu weka ndoo ndogo ya maji juu ya mizani, bonyeza irudi sifuri. Funga kile kipande kwa uzi, kizamishe kwenye maji chote, kining'inie, kisiguse chini wala pembeni, utikise kidogo mapovu yaachie. Namba inayosoma kwenye mizani sasa hivi ni uzito wa maji yaliyosukumwa, na kwa vile gramu moja ya maji ni cc moja, hiyo ndo cc ya kipande chako. Ikisoma 153, gawanya 412 kwa 153, densiti ni 2.69. Hapo hiyo ndo unaweka kwenye hesabu badala ya 2.72 yangu. Ikitoka 2.6 kushuka chini, vitundu vipo. Ikitoka 2.85 na zaidi, uliza zinki au shaba imeingiaje, kuna skrepa zinafanana na alumini ukiziangalia tu kumbe ni zinki, kwa mfano miili ya kabureta. Kipande kiwe kikubwa, sio cha gramu 30, maana mizani ya gramu moja moja itakupotosha kwenye kitu kidogo. Na jua kwamba njia ya kumwagia haipoi sawa na puli, kwaiyo kinakwambia aina ya alumini kuliko kinavyokwambia afya ya puli yenyewe. Mizani yako ikibeba kilo 15 na ndoo ikitosha, ning'iniza puli nzima kabla haijakerezwa, jibu ni lake lenyewe.

Kitu kingine usichanganye na hiki, kiasi cha kuyeyusha. Hicho ni cha fundi, hakikuhusu kwenye malipo, ila ukiwa unapeleka skrepa zako mwenyewe kitakuhusu. Ili upate puli ya 3.69 kuna njia za kumwagia na kile kisima kinachoilisha subu inaposinyaa, na kwenye mchanga puli inaweza kuwa asilimia 60 tu ya kilichomwagwa. 3.69 gawanya kwa 0.6 ni kilo 6.15. Skrepa chafu inapoteza tena kwenye taka za juu, kwaiyo beba kilo 7, na pistoni zenye vipande vya chuma ndani usizihesabu nzima. Kwenye chungu pia densiti ni nyingine, alumini ya moto iliyoyeyuka ni kama 2.4, kilo 6.15 zinachukua zaidi ya lita 2 na nusu. Chungu cha lita 2 na nusu kamili kitamwagika au puli itakatika njiani.

Chenga za kukereza, kwenye puli hii utapata kama kilo 1.4. Ni zako, ulishazilipia kwa bei ya subu. Mwambie mkerezaji aweke gunia chini, asichanganye na za chuma alichokereza asubuhi. Ukimrudishia fundi wa kuyeyusha akukate kwenye kazi inayofuata, asikuhesabie kilo kwa kilo, chenga ni nyembamba, zina uso mwingi wa kuungua, sehemu nzuri inageuka taka ndani ya chungu, na akizitupa juu ya moto bila kuzizamisha kwenye alumini iliyokwisha yeyuka anapoteza zaidi. Mkubaliane bei ya chenga kabla hujapeleka, na uzipeleke kavu.